Alamu 61 ndani ya dakika 4: tupangeje skrini ya opereta wa pampu?

PampuYaNne (mwanzisha uzi), Jumatatu saa 2:10 usiku

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni fundi wa mifumo ya udhibiti katika kituo cha kusukuma maji, nami naomba mawazo ya wale waliowahi kupanga alamu wao wenyewe, siyo waliokabidhiwa tu na mkandarasi.

Kituo chetu kina pampu mbili mtoni, tangi la maji safi, na pampu nne kubwa zinazopandisha maji kwenye tangi la mlimani. Mkandarasi aliyefunga skrini mpya alichukua kila ishara iliyokuwepo kwenye kidhibiti akaigeuza alamu, hata mlango wa kabati la umeme ukifunguliwa. Tumehesabu alamu 640 kwa opereta mmoja wa zamu.

Kero ya kila usiku ni kina cha tangi la maji safi. Alamu ya kina cha chini inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, hadi opereta anaacha kuitazama. Lakini kilichonileta hapa ni kikubwa zaidi. Wiki mbili zilizopita umeme uliyumba kwa sekunde chache, pampu zote nne zikazima, na katika dakika 4 skrini ikapokea alamu 61. Ukurasa unaonyesha mistari 20 tu. Opereta akabonyeza "Pokea zote", kama ambavyo mimi mwenyewe ningefanya, akaanza kuwasha pampu moja baada ya nyingine. Mstari wa 43 ulikuwa unasema vali ya kuzuia maji kurudi ya pampu ya 3 haijafunga. Maji ya mlimani yalikuwa yanarudi kupitia pampu hiyo na kuizungusha kinyumenyume. Ilipowashwa ikiwa katika hali hiyo, kiungo kati ya mota na pampu kikakatika.

Uongozi unasema opereta alizembea. Mimi nasema mstari wa 43 kati ya 61 hausomeki na binadamu. Nianzie wapi?

---

KimyaKingi, saa 2:41 usiku

Pole sana, mkuu. Sisi tulikuwa na hali kama hiyo kwenye kiwanda cha vinywaji, na dawa yake ni nyepesi. Weka ucheleweshaji wa sekunde 60 kwa kila alamu, yaani hali isipodumu dakika nzima, alamu isitokee kabisa. Tulifanya hivyo kwa siku moja na chumba cha udhibiti kikatulia. Mambo mengi ni ya kupita tu, na yale ya kweli yatakuwepo hata baada ya dakika moja.

---

Juakali_88, saa 2:55 usiku

Nadhani tatizo ni king'ora. Vile vya kichina vina sauti kali inayochanganya akili. Badilisha uweke chenye taa ya kuzunguka na sauti ndogo, watu watatulia na kufikiri vizuri.

---

FundiVyombo, saa 3:30 usiku

Ndugu Juakali_88, sauti inachangia, lakini ukipunguza sauti ya alamu 61 bado una alamu 61. Tatizo lake limo kwenye orodha yenyewe.

Ndugu KimyaKingi amepatia nusu. Kuchelewesha ni silaha nzuri, ila sekunde 60 kwa kila kitu ni hatari. Bomba kuu la kwenda mlimani likipasuka, shinikizo linashuka papo hapo, na katika dakika moja utakuwa umemwaga maji mengi barabarani kabla opereta hajaambiwa lolote. Muda wa kuchelewesha unatokana na jambo lenyewe: linakwenda kasi gani, na opereta anahitaji muda gani kulizuia.

Kwa mwanzisha uzi, kabla ya kugusa sekunde zozote, chukua alamu moja moja na uulize maswali mawili. La kwanza, hii ikitokea opereta anatakiwa afanye nini? La pili, asipofanya, nini kitaharibika na baada ya muda gani? Isiyo na jibu la swali la kwanza siyo alamu. Inaweza kubaki kwenye kumbukumbu za matukio ili fundi aisome asubuhi, lakini haina haki ya kumwita mtu. Mlango wa kabati unaondoka hapo hapo.

Kuhusu tangi, naomba takwimu: eneo la tangi, kiasi kinachotoka kwa saa, kina ambacho alamu inawaka, kina ambacho pampu kubwa zinajizima, na kina ambacho pampu ya pili ya mtoni inajiwasha yenyewe.

---

PampuYaNne, saa 3:52 usiku

Asante, mkuu. Eneo la tangi ni mita za mraba 400. Pampu kubwa zinatoa mita za ujazo 900 kwa saa. Alamu ya kina cha chini iko mita 2.00. Pampu kubwa zinajizima zenyewe kina kikifika mita 1.20 ili zisivute hewa. Pampu ya pili ya mtoni inajiwasha kina kikishuka hadi mita 2.00.

Nimeandika namba hiyo ya mwisho na nimeona aibu kidogo.

---

FundiVyombo, saa 4:20 usiku

Usione aibu, nimeikuta mahali pengi. Alamu yako inatangaza kwamba mfumo unafanya kazi yake. Kila usiku kina kinashuka hadi 2.00, pampu ya pili inaitika, kina kinapanda, na opereta ameitwa kushuhudia jambo la kawaida. Alamu lazima iwe chini ya mahali ambapo udhibiti wa kawaida unatarajiwa kufika, kwa sababu maana yake iwe "pampu ya pili ilipaswa kuitika na haikuitika".

Tuseme tunaishusha hadi mita 1.80. Je, opereta bado ana muda? Chukua hali mbaya kuliko zote: mtoni hakuna kinachoingia, na 900 zinaendelea kutoka. Gawanya 900 kwa 400, unapata kina kushuka mita 2.25 kwa saa, sawa na sentimita 3.75 kwa dakika. Kutoka 1.80 hadi 1.20 ni sentimita 60, yaani dakika 16. Waulize maopereta wenyewe, siyo wahandisi, inachukua muda gani kumpigia mlinzi wa mtoni na kuwasha pampu ya akiba kwa mkono. Kama ni dakika 10, kikomo cha 1.80 kinatosha. Kama ni 20, hakitoshi, na utapaswa kupandisha kikomo pamoja na kina cha kuwashia pampu ya pili, au kumwandikia opereta kwamba hatua ya kwanza ni kuzima pampu moja kubwa ili kununua muda.

Sasa ndiyo tuje kwenye kupepesa. Fungua mchoro wa mwenendo wa kina kwa kila sekunde, siyo wa wastani wa dakika, kwa sababu wastani unaficha mawimbi. Nahisi utaona uso wa maji unacheza sentimita tatu juu na tatu chini.

---

PampuYaNne, Jumanne saa 1:15 asubuhi

Nimefungua sasa hivi. Ni hivyo hivyo, sentimita 6 kutoka bondeni hadi kileleni, hasa bomba la kuingizia linapomwaga kwa nguvu. Maopereta wanasema dakika 10 hadi 12 zinawatosha kuwasha pampu ya akiba.

---

FundiVyombo, saa 1:40 asubuhi

Basi pengo kati ya kuwaka na kuzima lazima lizidi hizo sentimita 6. Weka 10: inawaka 1.80, haizimi mpaka 1.90. Ongeza ucheleweshaji wa sekunde 30 wa kuwaka. Katika sekunde 30 unapoteza sentimita mbili, yaani nusu dakika kati ya dakika 16, na hilo halimdhuru mtu.

Ila usilewe na pengo ukaweka nusu mita. Ikiwa kinachoingia kinazidi kinachotoka kwa mita za ujazo 100 tu kwa saa, tangi linapanda sentimita 25 kwa saa, na hata hizo sentimita 10 zitachukua dakika 24. Ukiweka nusu mita, alamu itakaa skrini saa mbili wakati tatizo limekwisha, na alamu iliyokaa bila sababu inageuka pambo la ukutani.

---

NesiWaUsiku, saa 2:05 asubuhi

Samahani kwa kuingilia, mimi si wa pampu, ni muuguzi wa wagonjwa mahututi. Nimesoma hadi hapa kwa sababu hilo la kupepesa ndilo maisha yangu. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinalia mgonjwa akitikisa mkono tu. Sisi hatubadilishi vikomo ovyo, lakini kuna mgonjwa wa mapafu ambaye hali yake ya kawaida iko chini ya kikomo kilichowekwa kiwandani, na mashine yake inalia usiku kucha mpaka daktari aandike kikomo chake. Swali langu: kwenu nani anaruhusiwa kubadilisha? Kwetu mtu akibadilisha bila kuandika, zamu inayofuata inaamini kikomo ambacho hakipo.

---

FundiVyombo, saa 2:30 asubuhi

Dada, swali lako ni la msingi kuliko mengi yaliyoulizwa hapa. Kwangu opereta anaruhusiwa kuweka alamu kando kwa muda, kwa mfano wakati kipimo kinatengenezwa, lakini mwisho ni zamu moja. Muda ukiisha inarudi yenyewe, na orodha ya zilizowekwa kando inasomwa wakati wa kukabidhiana zamu. Kikomo chenyewe hakigusi. Hicho kinabadilishwa kwa fomu yenye sababu na saini.

---

PampuYaNne, saa 6:20 mchana

La tangi nimelielewa. Turudi kwenye zile 61. Nimezipanga kwa wakati: pampu nne zimezima bila kuamriwa, kisha kila pampu imeleta mtiririko mdogo, shinikizo dogo na mkondo mdogo wa umeme. Vali nne hazijafunga. Halafu vipimo kadhaa vilivyopoteza umeme vikasoma sifuri, na kila kimoja kikaleta alamu ya "chini" na ya "chini sana". Zilizobaki ni za taa, feni na milango.

---

FundiVyombo, saa 8:10 mchana

Umejifanyia nusu ya kazi, maana karibu zote ni watoto wa mama mmoja. Kuhusu ukubwa wa jambo hili, wengi hutaja kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco kule Milford Haven, Wales. Tarehe 24 Julai 1994 kulitokea mlipuko uliojeruhi watu 26, na katika dakika 11 za mwisho kabla yake maopereta wawili walipokea alamu 275. Vali moja ilikuwa imefunga huku mfumo ukionyesha iko wazi, na nyingi mno kati ya alamu zao zilikuwa zimepewa kipaumbele cha juu, hivyo kipaumbele hakikusema chochote. Mwongozo wa kupanga alamu wa EEMUA 191, uliotoka mara ya kwanza 1999, unaona alamu moja kwa dakika 10 katika hali tulivu ndiyo inayobebeka. Watu wa ISA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa mifumo ya udhibiti, nao wanahesabu mafuriko ya alamu kuanzia alamu 10 ndani ya dakika 10 kwa opereta mmoja. Wewe ulikuwa na 61 ndani ya 4.

Kwa kituo chako ningefanya hivi. Mtiririko mdogo, shinikizo dogo na mkondo mdogo vina maana pampu ikiwa inazunguka tu. Viruhusiwe kuwaka baada ya pampu kukimbia sekunde 30, na pampu ikizima vizime. Hapo umeondoa 12. Kipimo kinachotuma chini ya miliampia 3.6 hakipimi tena, hivyo kilete ujumbe mmoja wa "kipimo hakina ishara", na zile za "chini" na "chini sana" zinyamaze. Umeme wa ubao mkuu ukikosekana, zile nne za "pampu imezima bila kuamriwa" ziwe mstari mmoja.

Hapo kuna mtego. Rilei ya kupima umeme huwa ina ucheleweshaji wake. Tuseme ni sekunde 2. Kontakta za pampu zinaachia kabla ya hapo, kwa hiyo watoto wanafika mlangoni kabla ya mama. Wacheleweshe watoto sekunde 5, vinginevyo kizuizi chako kitafanya kazi baada ya mafuriko kuingia.

Vali za kuzuia maji kurudi usizizuie kabisa. Zako zina kidhibiti mwendo cha mafuta, siyo? Zinafunga kwa sekunde ngapi?

---

PampuYaNne, saa 8:35 mchana

Zina kidhibiti, na zinafunga kwa sekunde 10 hivi.

---

FundiVyombo, saa 8:50 mchana

Basi ndiyo maana ulipata nne. Vali tatu nzima zilikuwa bado njiani kufunga, zikatangazwa kuwa mbovu, na ile mbovu ya kweli ikajificha katikati yao. Zipe sekunde 20:

```
TON_NRV3(IN := NOT P3_RUN AND NOT NRV3_CLOSED, PT := T#20S);
NRV3_ALM := TON_NRV3.Q;
```

Usiku ule ungepata mstari wa umeme, mstari wa vipimo, na "vali ya pampu 3 haijafunga" ikiwa peke yake yenye rangi ya kipaumbele cha juu.

---

KimyaKingi, saa 9:15 alasiri

Nakubali kuhusu bomba kupasuka, hilo sikulifikiria. Lakini nina wasiwasi na huku kuzuia. Umeme ukikatika na wakati huo huo mota ya pampu ya 2 ikawa imeungua kweli, mstari mmoja wa "ubao mkuu" utaificha.

---

FundiVyombo, saa 9:30 alasiri

Wasiwasi wako ni wa haki. Ndiyo maana kinachozuiwa ni "imezima bila kuamriwa" pekee. Rilei ya kulinda mota dhidi ya joto na mkondo mkubwa ina alamu yake, nayo haizuiwi na chochote. Kizuizi nacho kiwe na mwisho: umeme ukirudi, dakika 10 baadaye kijiondoe hata kama hakuna aliyewasha pampu.

---

BiZamu, saa 11:05 jioni

Naongea kama opereta wa miaka mingi, japo wa boila na siyo wa pampu. Mnapanga sekunde vizuri, lakini hakuna aliyeuliza ujumbe unasomekaje. Kwetu ulikuwa unaandikwa "NRV3 ZSC DISCREP". Saa 9 usiku hiyo ni lugha ya nani? Andikeni "Pampu 3: vali haijafunga. USIIWASHE. Funga vali ya mkono." Na kitufe cha "Pokea zote" kiondoeni, au kipokee zile zilizoonekana kwenye ukurasa tu. Yule kijana wa zamu alipewa kitufe cha kufuta asichokisoma, halafu analaumiwa kwa kutokisoma.

Jambo jingine: kwa nini pampu ilikubali kuwaka? Kama kidhibiti kilijua vali haijafunga, kingekataa chenyewe. Jambo ambalo halimwachii mtu muda wa kufikiri lisipewe mtu.

---

KimyaKingi, saa 11:20 jioni

Hapo nasimama na Bi Zamu. Weka kizuizi cha kuwasha, na alamu ibaki ya kueleza sababu.

---

FundiVyombo, saa 11:48 jioni

Mimi sina uhakika kama ninyi. Swichi za kuonyesha vali imefunga zinakaa kwenye unyevu, na zinaharibika kuliko vali zenyewe. Ukiweka kizuizi kigumu, swichi ya bei ndogo itazuia pampu nzima, na usiku huo mji hauna maji. Ningeweka kizuizi chenye ruhusa ya kukivuka kwa ufunguo, baada ya mtu kwenda kuangalia shafti kwa macho.

---

BiZamu, Jumatano saa 12:30 asubuhi

Ufunguo huo utakaa kwenye tundu lake mwaka mzima. Nimeyaona.

---

PampuYaNne, wiki tano baadaye, Jumapili saa 3:00 usiku

Narudi kuleta mrejesho. Tumepitia alamu zote 640 tukiwa na maopereta wawili mezani, na zimebaki 171. Ilichukua jioni tisa, kwa sababu kila moja ilibishaniwa. Alamu ya kina imewaka mara mbili tu tangu tuishushe, na mara zote mbili pampu ya pili ya mtoni ilikuwa kweli imegoma. Ujumbe umeandikwa kwa Kiswahili, na kitufe sasa kinapokea kilichoonekana tu.

Alhamisi umeme uliyumba tena na pampu zote zikazima. Orodha ilileta mistari mitatu: ubao mkuu, vipimo, na "Pampu 2: vali haijafunga. USIIWASHE." Opereta hakuiwasha. Akamtuma msaidizi, ambaye alikuta shafti imetulia kabisa na vali imefunga vizuri. Waya wa swichi ndio ulikuwa umeliwa na kutu. Tulipoteza dakika 25 za pampu moja.

Kwa sasa kizuizi cha kuwasha hakijawekwa, na baada ya Alhamisi uongozi umegawanyika. Je, kuna aliyewahi kufunga kipimo cha mzunguko kwenye shafti kinachotambua pampu inazunguka kinyume, badala ya kutegemea swichi ya vali?

---

FundiVyombo, saa 4:12 usiku

Nimewahi, kwa sensa mbili za ukaribu zilizopishana kidogo, ili kidhibiti kijue ipi imeona alama kwanza. Inafanya kazi. Nitumie picha ya nafasi iliyopo kati ya mota na pampu, maana kwangu shida ilikuwa mahali pa kuzifunga.